Jibu Likishatoka: Kutetea Tasnifu Mbele ya Mtahini Anayepinga Kila Neno

"Kwa nini wahojiwa 93?"

"Nilitumia kanuni ya Yamane, Profesa."

"Kwa nini Yamane?"

"Kwa sababu ndiyo inayotumika, Profesa."

Watahiniwa wengi wa shahada ya umahiri hukwama hapo, na hilo ni swali la pili tu. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi. La pili halikuwa jibu, na kila mtu aliyeketi kuzunguka meza ile alilijua hilo, mtahiniwa mwenyewe akiwamo. Hakuwa mvivu. Alikuwa amekesha akikariri sura tano za tasnifu yake, na slaidi alikuwa anaziweza bila kuzitazama. Ila alikuwa amejiandaa kwa maswali, hakujiandaa kwa kile kinachokuja baada ya jibu.

Katika vyuo vikuu vyetu, utahini wa mdomo, ambao wanafunzi huuita difensi au vaiva, hufuata njia inayofanana. Kuna mwenyekiti wa jopo na kuna watahini ambao wamekwisha kuisoma tasnifu nzima, mara nyingi mmoja wao akitoka chuo kingine. Msimamizi huwapo, lakini si kazi yake kumjibia mwanafunzi. Mtahiniwa hueleza utafiti wake kwa dakika chache, kisha maswali huanza. Kwa kuwa watahini wameshasoma kilichoandikwa, hawahitaji kusomewa tena. Wanataka kujua mambo mawili: kama kazi ni ya mtu aliye mbele yao, na uelewa wake unaishia wapi. Jambo hilo la pili halionekani mpaka mtu asukumwe. Ndiyo maana mtahini mzuri hupinga hata jibu analokubaliana nalo.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na naona hili ndilo la kushika kabla ya yote: kupingwa hakukuambii kama umekosea. Wapo watahiniwa waliokuwa na jibu sahihi, wakaliacha kwa sababu tu profesa alikunja uso. Wapo pia waliotetea kosa la wazi mpaka mwisho kwa kudhani kutetea maana yake ni kutokubali chochote. Wote wawili walisikiliza sauti ya mtahini badala ya kusikiliza hoja yake.

Tuuchukue mfano wa swali lile la watu 93 tuuchimbe hadi chini. Nauchagua kwa sababu ukubwa wa sampuli huulizwa karibu kila mahali, na kwa sababu unaonyesha vizuri jinsi majibu yanavyoegemeana. Tuseme mtahiniwa alichunguza ni madereva wangapi wa bodaboda katika kata moja ya mjini wasio na bima ya afya. Chama chao kina orodha ya madereva 1,200. Kanuni aliyoitumia, ambayo wanafunzi wengi hunukuu kutoka kitabu cha takwimu cha Taro Yamane cha mwaka 1967, ni hii:

n = N / (1 + N × e²)

N ni idadi ya watu wote wanaochunguzwa, e ni kiwango cha kosa anachokubali mtafiti, na n ni idadi ya watu wa kuhojiwa. Alichagua kosa la 0.10. Chini ya mstari anapata 1 + 1,200 × 0.01, yaani 13. Ukigawa 1,200 kwa 13 unapata 92.3, naye akapandisha hadi 93. Mpaka hapo hesabu haina kasoro.

Sasa tushuke. Kwa nini Yamane? Mwenye kujua atajibu hivi: kanuni hii inafaa pale ambapo tunataka kukadiria asilimia moja katika kundi ambalo idadi yake inajulikana. Ndani yake imeshabeba dhana mbili ambazo haizitaji. Ya kwanza ni kwamba tunataka uhakika wa takriban asilimia 95. Ya pili ni kwamba kundi limegawanyika nusu kwa nusu, hali inayohitaji sampuli kubwa kuliko zote, kwa hiyo ni dhana ya kujihami. Jibu hilo lina sentensi nne, na anayeweza kulitoa ameshatoka kwenye kundi la walionakili kanuni kutoka tasnifu ya mwenzao.

Mtahini atashuka tena: "Kwa nini kosa la asilimia 10? Wenzako hutumia 5." Hapa lazima mtahiniwa awe amefanya hesabu ya pili nyumbani. Kwa 0.05 chini ya mstari unapata 4, na 1,200 kwa 4 ni 300. Alihitaji kuhoji zaidi ya mara tatu ya watu aliowahoji. Jibu la kweli kwa kawaida ni fedha na muda, na si aibu kulisema. Lakini haliishii hapo. Inabidi aonyeshe kosa hilo limemgharimu nini. Katika matokeo yake, madereva 62 kati ya 93 hawakuwa na bima, sawa na asilimia 67 hivi. Ukitia ukingo wa kosa, kiwango cha kweli kinaweza kuwa kati ya asilimia 57 na 76. Dai kuu la tasnifu ni kwamba zaidi ya nusu ya madereva hawana bima. Hata ukishika upande wa chini, 57 bado ni zaidi ya nusu. Kwa dai hilo, asilimia 10 zilitosha.

Mtahini mwerevu hataliacha jibu hilo. Atauliza: "Ulilijua hilo kabla ya kwenda uwandani?" Mtego uko hapa, na unanasa watu wenye akili. Ukisema ndiyo, umedai ulijua matokeo kabla ya utafiti. Jibu safi ni: "Hapana, Profesa. Kabla ya kwenda nilichagua 10 kwa sababu ya bajeti. Baada ya kupata matokeo nimeona kwamba kiwango hicho kinatosha kwa dai hili, ingawa hakitoshi kwa kila dai." Kisha nyamaza.

Maneno hayo ya mwisho, "hakitoshi kwa kila dai", si ya kupendezesha. Sura ya nne ya tasnifu ina jedwali linalolinganisha madereva wenye ndoa na wasio na ndoa, na wasio na ndoa walikuwa 25 tu. Kwa watu 25, ukingo wa kosa unakaribia pointi 20 za asilimia kila upande. Kanuni ilimpa watu 93 kwa ajili ya asilimia moja ya kundi zima. Haikumpa ruhusa ya kulikata kundi vipande na kudai tofauti kati ya vipande hivyo. Mtahiniwa aliyejipima atalitaja jedwali hilo mwenyewe kabla hajaulizwa, na atasema tofauti iliyomo ni dokezo, si matokeo.

Sasa mtahini anabadilisha hali. "Orodha ya chama haina kila dereva. Tuseme wapo 2,000. Utafiti wako umeanguka?" Asiye na maandalizi huona pengo la watu 800 na moyo unamwenda mbio. Aliyejiandaa amekwisha kuipiga hesabu: 2,000 kugawa kwa 21 ni 95.2, kwa hiyo angehitaji watu 96 badala ya 93. Watatu tu wameongezeka. Kundi likishakuwa kubwa, ukubwa wake hauisogezi sana sampuli. Lakini asikimbilie kushangilia, kwa sababu swali la kweli limejificha nyuma ya lile la idadi: je, madereva walio nje ya chama wanafanana na waliomo katika suala la bima? Chama kinaweza kuwa ndicho kinachowahamasisha wanachama wake kukata bima. Ikiwa ni hivyo, walio nje wana hali mbaya zaidi, na asilimia 67 ni makadirio ya chini. Mtahiniwa anayelifikisha jibu mpaka hapo ametenganisha kitu kinachoonekana kuwa tatizo na kitu ambacho kweli ni tatizo, na jopo hulitambua hilo mara moja.

Kisha linakuja pigo ambalo huwaangusha watu wengi kwa sababu ya adabu tuliyolelewa nayo. "Watu 93 kati ya 1,200 hawafiki hata asilimia 8. Sampuli lazima iwe angalau asilimia 30 ya kundi." Kauli hii husikika kwenye korido za vyuo kana kwamba ni sheria. Kwa utafiti wa namna hii si sahihi. Usahihi wa makadirio hutegemea hasa idadi ya watu uliowahoji, si sehemu yao katika kundi. Tumeshaona kwamba kundi likiongezeka kutoka 1,200 hadi 2,000 sampuli haitikisiki. Huenda mtahini anajua kabisa kwamba kauli yake si kweli na anajaribu uimara wako. Huenda pia anaiamini. Huna njia ya kujua, na huhitaji kujua, maana jibu ni lilelile.

Shida ni namna ya kulisema. Kijana aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa habishiwi hupata kigugumizi mbele ya profesa mwenye mvi. Heshima na hoja zinaweza kukaa sentensi moja: "Nashukuru, Profesa. Naelewa wasiwasi kuhusu uwakilishi wa sampuli. Hata hivyo, naomba nibaki na 93, kwa sababu usahihi hapa unatokana na idadi ya waliohojiwa kuliko sehemu yao. Kundi likiwa 2,000, kanuni ingenitaka niongeze watu watatu tu." Umemshukuru, umelitambua jambo lake, umeomba, na hukurudi nyuma hata hatua moja. Epuka "hapana, si kweli", na zaidi sana epuka "sawa, Profesa, nitarekebisha". Hiyo ya pili ndiyo inayoharibu, kwani ukishakubali kurekebisha kitu kilicho sahihi, mtahini ana haki ya kujiuliza ni vipi vingine usivyovielewa.

Pigo la mwisho ni la haki. "Madereva hawa 93 uliwapataje?" Alikwenda kwenye vijiwe asubuhi na kuwahoji aliowakuta. Hapo ukuta umefika. Kanuni ya Yamane inadhani kila dereva alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Dereva aliyekuwa mgonjwa, anayefanya kazi usiku, au asiyeegesha kijiweni hakuwa na nafasi hiyo. Tena madereva wa kijiwe kimoja huambukizana tabia: mmoja akikata bima na wa jirani hufuata, kwa hiyo watu kumi wa kijiwe kimoja hawatoi habari nyingi kama watu kumi wa vijiwe kumi. Hili halitetewi, linakubaliwa.

Lakini angalia kinachotokea ukilikubali. Dakika kumi zilizopita ulisema kiwango cha kweli kiko kati ya 57 na 76. Hesabu hiyo ilisimama juu ya uchaguzi wa nasibu, na sasa umekiri kwamba uchaguzi haukuwa wa nasibu. Ukikiri hapa bila kurudi kule, umejipinga mwenyewe, na mtahini makini amekwisha kuziandika sentensi zote mbili kwenye karatasi yake. Jibu linalosimama ni hili: "Nakubali, Profesa, huu haukuwa uchaguzi wa nasibu. Kwa hiyo naomba niliwekee mpaka jibu langu la awali. Ukingo ule wa 57 hadi 76 ungesimama kama ningechora majina kutoka kwenye orodha. Kwa data niliyonayo, naweza kusema theluthi mbili ya madereva waliopatikana vijiweni asubuhi hawakuwa na bima. Kuhusu kata nzima, hilo ni dokezo tu." Dai limepungua, utafiti haujaanguka, na mtahiniwa amejionyesha kuwa anajua kila jibu lake limesimama juu ya nini.

Nadhani ujuzi huo ndio unaopimwa kuliko wote, na haupatikani kwa kukariri. Njia ninayoiamini ni ya karatasi na kalamu. Chukua tasnifu yako iliyochapishwa, ile yenye kurasa zilezile walizonazo watahini, ukapigie mstari kila dai unalolitoa wewe mwenyewe. Usishughulike na yale uliyonukuu kwa wengine. Chukua yale tu ambayo yakianguka yanaanguka na wewe. Kwa tasnifu ya umahiri hayatakuwa mengi. Chini ya kila dai andika linategemea nini, na chini ya hilo nalo linategemea nini, mpaka ufike mahali unapoandika "ndivyo watu wanavyofanya" au "msimamizi alisema". Umefika mwisho wa ujuzi wako. Jibu la msimamizi alisema halikubaliki mezani hata likiwa kweli, kwa hiyo nenda kwa msimamizi huyo kabla ya siku ya mtihani ukamuulize sababu yake. Mara nyingi anayo, hakukueleza tu. Na pale ambapo madai mawili yamesimama juu ya jambo moja, chora mstari wa kuyaunganisha. Katika mfano wetu, uchaguzi wa watu vijiweni ungekuwa na mistari mitatu au minne inayotoka kwake. Mtahini akigusa hapo, unajua papo hapo majibu yapi mengine yametikisika.

Kisha mtafute mwenzako akupinge. Marafiki hushindwa kazi hii kwa sababu wakisikia jibu zuri hutikisa kichwa na kwenda swali jingine. Mpe sharti moja tu: asikubali jibu lolote mara ya kwanza, liwe zuri au baya. Hana haja ya kuijua mada yako. "Kwa nini?", "ingekuwaje kama?", "nimesoma kinyume chake" zinatosha kukufikisha mwisho, na anayetoka fani nyingine huuliza hata yale ambayo wenzako wa darasani wameyazoea mpaka hawayaoni. Rekodi kwa simu. Unaposikiliza, usihesabu makosa. Sikiliza ni wapi majibu yanaanza kurefuka. Mtu anayejua hujibu kwa ufupi na kusimama, na anayetafuta huongea mpaka apate. Sikiliza pia ulipobadilisha jibu, ujiulize: nilipewa hoja mpya, au nilisikia tu swali lilelile likirudiwa kwa sauti kali? Kama hakukuwa na hoja mpya, hukuwa na sababu ya kubadilisha.

Mazoezi hayo yafanyike katika lugha ya mtihani. Tanzania tasnifu nyingi huandikwa na kutetewa kwa Kiingereza, isipokuwa zile za Kiswahili zenyewe, na mwanafunzi anayeielewa kazi yake vizuri kabisa anapoieleza kwa mama yake anaweza kukauka midomo mbele ya jopo. Kujua na kuweza kusema chini ya shinikizo ni vitu viwili. Sentensi za kushika msimamo na za kukubali kwa mpaka, kama zile nilizoandika hapo juu, ziandae katika lugha hiyo na uziseme kwa sauti mpaka ulimi uzizoee. Ni chache, hazizidi sita, na sentensi hizo ndizo zinazofaa kukaririwa.

Siku yenyewe, mpe mtahini nafasi ya kumaliza swali. Kama lina mawili ndani yake, sema unaanza na lipi. Usipolielewa, lirudie kwa maneno yako na umuulize kama ndilo alilokusudia. Hakuna jopo linalomwadhibu mtu kwa hilo. Usipojua, sema "hilo sikulipima", kisha eleza ungelipimaje. Na mtahini akikaa kimya baada ya jibu lako, mwache akae. Mara nyingi anaandika. Watahiniwa huogopa ukimya huo, wakaujaza kwa maneno ambayo hakuna aliyewauliza, na swali linalofuata huzaliwa humo.

Andika kila pingamizi linapotolewa, au mwombe mwenzako aliyeruhusiwa kuingia akuandikie. Watahiniwa wengi hutoka na ufaulu wenye masahihisho, na kwa kawaida chuo hutaka jedwali linaloonyesha kila maoni ya mtahini, ulichofanya, na ukurasa wake. Mtahiniwa wetu wa mfano atakuwa na safu mbili za kujaza. Kuhusu vijiwe, ataongeza aya katika sura ya tatu na kupunguza ukali wa hitimisho. Kuhusu asilimia 30, ataandika kwamba sampuli haikubadilishwa, na kwamba sababu imeongezwa ukurasa fulani pamoja na hesabu ya watu 2,000. Safu hiyo ya pili wengi huiacha tupu wakidhani jambo lililotetewa kwa mdomo limekwisha, kumbe anayekagua masahihisho huenda hakuwepo chumbani.